Kondensa: maji ya kupoza yanaingia chini au juu? Binti kakatwa maksi, naomba ufafanuzi

FundiBomba_Uyole

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo la kemia, na mimi kemia niliiacha kidato cha pili, kwa hiyo mnivumilie.

Binti yangu yuko kidato cha nne, shule ya bweni huku huku Mbeya. Amerudi likizo na karatasi ya mtihani wa majaribio. Swali moja lilimtaka achore mtambo wa kukeneka maji ya chumvi, aandike jina la kila sehemu, na aonyeshe kwa mshale mahali maji ya kupoza yanapoingia kwenye kondensa. Mchoro wake mimi naona umetulia, mistari imenyooka, majina yote yapo. Lakini una duara nyekundu tatu na hakuna neno hata moja la maelezo. Duara la kwanza liko kwenye mshale wa maji: yeye kauweka juu, upande wa flaski. La pili liko pale kondensa inapoungana na bomba linalotoka kwenye flaski. La tatu kwenye kipimajoto.

Hilo la mshale ndilo linaniumiza kichwa. Kondensa kwenye mchoro imelala kwa mteremko. Mimi kazi yangu ni mabomba, na maji siku zote nayaachia kwa juu yatelemke. Sasa nani anaingiza maji upande wa chini yapande mlima? Na yatapandaje, kuna pampu mle? Binti anasema mwalimu aliwaambia "chini" lakini hakusema kwa nini, ndiyo maana kwenye mtihani ikamchanganya.

---

DerevaTunduma

Fundi, binti yako kaonewa. Rejeta ya gari ni hiyo hiyo habari ya kupoza, na maji yanaingia kwa mpira wa juu yanatokea mpira wa chini. Mimi natembeza lori Tunduma hadi Dar, rejeta nimefungua mara nyingi mno. Juu ndiko kwenyewe. Rudisha karatasi shuleni waisahihishe upya.

---

MwanaMkwawa

Hapana kaka, usimpotoshe mzee. Ni chini, na sababu yake inajulikana: mvuke unashuka kutoka juu, maji yanapanda kutoka chini, vinapishana. Hivyo maji baridi kabisa yanakutana na mvuke ambao umeshapoa kiasi, na maji yaliyoanza kupata moto yanakutana na mvuke wa moto zaidi. Tofauti ya joto inabaki kubwa urefu wote wa kondensa, na mvuke wote unageuka maji. Hii tumefundishwa hapa chuoni Iringa na ndiyo ninayowafundisha watoto nikienda mazoezi ya kufundisha. Mzee, mwambie binti akariri hivyo, maksi zake atazipata.

---

DerevaTunduma

Sasa rejeta mbona inafanya kinyume na inapoza?

---

MzeeWaMaabara

Kamweneni wote. Nimekuwa mtunza maabara Iringa mpaka nilipostaafu, vioo hivi nimeviosha kuliko vyombo vya nyumbani kwangu. Niruhusuni niingie.

Ndugu dereva, rejeta umeielewa, ila umegeuza nani anapozwa. Kwenye gari maji ndiyo ya moto, na hewa ndiyo inayapoza. Yanaingia juu yakiwa moto na kushuka yakipoa, na muda wote yamejaa, kwa kuwa kuna pampu na kuna mfuniko pale juu wa kuondolea hewa. Kwenye kondensa anayepozwa ni mvuke, ulioko kwenye bomba la ndani. Na huyo mvuke anaingia juu anatokea chini, sawasawa na maji ya rejeta yako. Kwa hiyo hampingani.

Mwalimu mwanafunzi, jibu lako la "chini" ni sahihi. Sababu uliyoitoa ni sehemu tu, na kwa mtambo huu wa darasani si sehemu kubwa. Nitakueleza baadaye kidogo.

Kwanza fundi, kwa sababu wewe ndiye utakayeelewa haraka kuliko sisi wote. Kondensa ya shule, hii ya Liebig, ni bomba la kioo ndani ya bomba lingine la kioo. Mvuke unapita katika bomba la ndani. Maji yanapita katika nafasi iliyo kati ya mabomba mawili, na nafasi hiyo ina midomo miwili tu: mmoja karibu na flaski, juu, na mwingine karibu na chombo cha kupokea, chini. Sasa unganisha mpira wa maji kwenye mdomo wa juu, mdomo wa chini uuache utiririke. Wewe kama fundi bomba, niambie utaona nini ndani ya hilo bomba la nje.

---

FundiBomba_Uyole

Mzee shikamoo. Yatatelemka upande wa chini wa bomba kama maji ya mfereji. Juu yake kutabaki hewa. Bomba halitajaa, labda nifungulie kwa nguvu sana.

---

MzeeWaMaabara

Marahaba. Basi umeshamjibu binti yako. Ule utepe wa maji unalowesha upande mmoja tu wa bomba la ndani, upande mwingine unaguswa na hewa, na hewa haipozi kioo kama maji yanavyokipoza. Mvuke unapita bila kugeuka wote, unauona ukitoka kama moshi kwenye ncha ya chini. Zaidi ya hapo, kioo kimoja kina upande wa baridi na upande wa moto karibu karibu, na hapo ndipo vinapopasuka.

Ukiingiza maji kwa chini, hayana pa kutokea mpaka yafike mdomo wa juu. Ni lazima yajaze bomba lote kwanza, yakiisukuma hewa mbele yao hadi itoke. Hakuna ujanja wowote hapo, ni mpangilio wa midomo tu.

---

FundiBomba_Uyole

Hapo nimekuelewa mzee. Lakini nibishe kidogo. Nikiingiza juu, halafu mdomo wa chini nikaubana kwa koki ili maji yatoke kidogo kidogo, bomba si litajaa vilevile?

---

MzeeWaMaabara

Swali la fundi hilo. Litajaa karibu lote, lakini hewa iliyokuwemo itakwenda wapi? Inakimbilia juu, na kule juu mdomo wenyewe ndio unaoingiza maji. Inabaki imenaswa kama hewa kwenye bomba lako lenye kigongo. Na hata ukiitoa yote mwanzoni, itarudi, maana maji ya bomba yana hewa iliyoyeyuka ndani yake. Yakipata moto yanaiachia, unaona vipovu vinaganda kwenye kioo na kupanda. Vipovu hivyo vitakusanyika sehemu ya juu kabisa ya kondensa, yaani pale pale mvuke mkali unapoingia. Mdomo wa kutokea ukiwa juu, kila kipovu kinaondoka chenyewe na maji, hutakiona tena.

Nimeona mwanafunzi aliyegeuza mipira akabana ya chini kama usemavyo. Mwanzoni ilionekana safi. Baada ya muda kilijitokeza kiputo kikubwa juu, na ukigusa kioo pale kilikuwa cha moto huku nusu ya chini ni baridi. Hiyo ndiyo dalili ya kuangalia: pitisha mkono taratibu kutoka chini kwenda juu. Kondensa iliyojaa huanza baridi na kupata uvuguvugu polepole. Ukikuta joto linaruka ghafla, ujue kuna hewa.

---

MwanaMkwawa

Mzee shikamoo. Naheshimu uzoefu wako lakini hii ya kupishana ipo kwenye notisi zetu zote. Unasema si kweli?

---

MzeeWaMaabara

Marahaba mwalimu. Sijasema si kweli. Nimesema kwa mtambo huu ina mchango mdogo. Fuatana nami. Mvuke wa maji unapogeuka kuwa maji, joto lake linabaki pale pale mpaka ugeuke wote. Hapa kwetu nyanda za juu ni kama nyuzi 94 hivi. Kwa hiyo kwenye sehemu ya kondensa ambako kazi kubwa inafanyika, upande wa mvuke ni 94 mwanzo hadi mwisho. Hakuna "mvuke uliopoa kiasi" na "mvuke wa moto zaidi". Ikiwa upande mmoja haubadiliki joto, basi maji yawe yanapanda au yanashuka, wastani wa tofauti ya joto unakuja uleule, ilimradi bomba limejaa kwa namna zote mbili. Chukua maji yanayoingia na nyuzi 18 yakatoka na 24. Tofauti na mvuke ni 76 upande mmoja na 70 upande mwingine. Geuza mwelekeo: ni 70 na 76. Umepata nini?

Kupishana kunaanza kuwa na maana baada ya mvuke kuwa maji, pale unapotaka yale maji yaliyokenekwa yapoe zaidi kabla ya kudondoka. Hapo ni vizuri yakutane na maji baridi kabisa mwishoni. Kwa anayekeneka kimiminika kinachoruka upesi kama spiriti, hilo si dogo. Kwa maji ya chumvi, hata yakidondoka na uvuguvugu hakuna hasara.

---

MwanaMkwawa

Nimeona hesabu yako. Ila mtihani haujali hesabu hiyo mzee. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini chini, akaandika "ili bomba lijae", msahihishaji mwenye mwongozo ulioandikwa "kupishana" atampa?

---

Mwl_Njombe

Naingilia hapo kwa kuwa nasahihisha karatasi za shuleni kwetu. Mimi nakubali yote mawili. Lakini nina wenzangu wanaokubali moja tu, na si wote wanakubali moja hilo hilo. Ushauri wangu kwa binti: aandike sentensi mbili, moja ya kujaa na moja ya kupishana. Zote ni za kweli, hamdanganyi mtu.

Fundi, weka basi picha ya mchoro tuone hizo duara mbili zilizobaki.

---

Karatusi_Mafinga

Wakuu samahani naleta la kwangu, maana mada imenigusa. Mimi nakamua mafuta ya mikaratusi huku Mafinga. Sina vioo, nina pipa la majani juu ya moto, mvuke unatoka kwa bomba la shaba lililozungushwa kama chemchemi ndani ya pipa la pili lenye maji. Mwanzo nilikuwa namimina maji baridi kwa ndoo kutoka juu. Pipa lote likawa la moto juu hadi chini, na kinachotoka kilikuwa cha moto, harufu imejaa banda zima. Harufu ile ni mafuta yanaondoka hivyo. Sasa nimetoboa pipa chini, maji ya kijito yanaingia hapo kwa mpira, na juu nimeweka bomba la kumwagikia. Kinachotoka sasa unaweza kushika. Je, na hii sababu ni hewa? Maana pipa langu liko wazi na lilikuwa limejaa muda wote.

---

MzeeWaMaabara

Hapana ndugu yangu, kwako si hewa. Pipa wazi lililojaa halinasi hewa. Kwako sababu ya mwalimu wetu wa Mkwawa ndiyo yenye nguvu. Maji ya moto ni mepesi, yanakaa juu, na ya baridi yanakaa chini. Bomba lako linaingia juu na kutokea chini, kwa hiyo mafuta na maji yanayotoka yanapita mwisho kabisa kwenye baridi kuliko zote. Ulipokuwa unamimina kutoka juu ulikuwa unakoroga tabaka hizo, na maji ya moto hayakuwa na njia ya kuondoka. Na wewe unahitaji kinachotoka kipoe hasa, kwa sababu mafuta yako yanaruka.

Mwalimu, umeona? Mtambo ukibadilika, uzito wa sababu nao unahama.

---

MwanaMkwawa

Hapo mzee umenipa haki yangu nusu. Naichukua.

---

FundiBomba_Uyole

Nimeweka picha juu kabisa ya uzi. Samahani kwa kivuli cha simu.

---

Mwl_Njombe

Nimeiona. Duara la pili nimelielewa mara moja, ni kosa linalokatwa maksi sana na wanafunzi hawalioni. Angalia pale bomba la pembeni la flaski linapoingia kwenye kondensa. Binti amechora flaski kwanza, akafunga mstari wa ncha ya bomba, halafu akaanza kondensa upya. Pamebaki mstari mdogo umekatisha njia. Kwa penseli ni milimita tatu, lakini kwa maana ya mchoro amechora ukuta: mvuke hauwezi kupita. Flaski iliyo juu ya moto, imefungwa pande zote, hiyo ni bomu.

Halafu tazama na ncha ya chini. Bomba la ndani amelikomesha ndani ya lile la nje, hakulitokeza. Kwa mchoro ule maji ya kupoza yanachanganyika na maji yaliyokenekwa, na mwisho wa siku anakusanya maji ya bomba kwenye bika. Sijui kwa nini hapo mwalimu hakuweka duara, mimi ningeliweka.

---

MzeeWaMaabara

Umesema kweli mwalimu. Dawa yake ni kubadilisha utaratibu wa kuchora. Watoto wengi huchora kifaa kimoja kimoja kisha wanavigundisha. Mimi nilikuwa nawaambia waanze na njia ya mvuke. Chora mistari miwili sambamba ambayo haikatiki: inaanzia kwenye shingo ya flaski, inakunja kwenye bomba la pembeni, inateremka kwa mshazari hadi juu ya chombo cha kupokea. Njia hiyo ikishakamilika, weka kidole chako kwenye maji ya chumvi ndani ya flaski na ukitembeze mpaka kwenye bika. Kidole kisivuke mstari wowote. Kikivuka, futa.

Baada ya hapo ndipo unavisha bomba la nje juu ya ile mistari, likifungwa ncha zote mbili dhidi ya bomba la ndani, na midomo yake miwili: wa chini unaelekea chini, wa juu unaelekea juu. Fanya kidole tena, sasa kutoka mdomo wa chini hadi mdomo wa juu. Nacho kisivuke mstari, na kisiingie kwenye njia ya mvuke. Njia mbili, hazikutani popote.

Mwisho kabisa majina. Mstari wa jina uguse kitu chenyewe, usiishie hewani karibu nacho, na mistari isipishane. Flaski, kipimajoto, kizibo, kondensa, chombo cha kupokea, chanzo cha moto, maji yanaingia, maji yanatoka. Mshale wa maji utoke nje kuelekea mdomoni. Nimeona mwanafunzi kaandika "maji yanaingia" mahali sahihi, halafu ncha ya mshale ikatazama nje. Msahihishaji amwamini yupi?

Na chombo cha kupokea kiachwe wazi. Ukichora kizibo pale umerudisha lile bomu la mwalimu wa Njombe.

---

BintiTukuyu

Shikamooni. Mimi nipo kidato cha tatu, naomba kuuliza kuhusu duara la kipimajoto kwa sababu na sisi lilitutokea kwenye jaribio lenyewe, siyo mchoro. Tulikeneka maji ya chumvi, kundi letu kipimajoto kilisoma 97 na kikaendelea kupanda taratibu. Kundi la jirani kilisimama 94 hakikutingishika. Tukasema sisi ndio sahihi kwa sababu tuko karibu na 100. Mwalimu akasema wao ndio sahihi, kengele ikalia.

---

MzeeWaMaabara

Marahaba mjukuu wangu. Hebu niambie, balbu ya kipimajoto chenu ilikuwa wapi, ndani ya maji au juu yake?

---

BintiTukuyu

Ndani ya maji. Tulikisukuma mpaka kikazama kwa sababu kilikuwa kirefu na kilikuwa kinacheza.

---

MzeeWaMaabara

Basi kila kundi lilipima kitu chake. Jirani zenu walipima mvuke. Ninyi mlipima maji ya chumvi yanayochemka, na maji ya chumvi huchemka kwa joto kubwa kuliko maji matupu. Tena kadiri maji yanavyoondoka, chumvi iliyobaki inakuwa kali zaidi, ndiyo maana namba yenu ilikuwa inapanda. Ukiona namba inapanda pole pole muda wote katika jaribio hili, jambo la kwanza kushuku ni balbu iliyozama.

Na hiyo 94 wala haina kasoro. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari. Huku kwetu tuko juu, jiji la Mbeya liko kama mita 1,700, hewa inakandamiza kidogo, na maji yanachemka mapema. Kwa makadirio ya haraka ni nyuzi moja kushuka kwa kila mita 300 hivi. Gawanya 1,700 kwa 300 utaona inakuja karibu 6 pungufu. Kwa hiyo shule ya Dar isome 100, ya Mbeya isome 94, na zote ziko sahihi. Kilichowadanganya ni kwamba chumvi iliwapandisha na mlima ukawashusha, vikakaribia kufutana, mkapata namba inayofanana na ya kitabuni.

Kwenye mchoro, balbu iwe usawa wa tundu la bomba la pembeni. Si ndani ya maji, na si juu ya tundu, maana juu kule mvuke haufiki vizuri na namba inakuwa ndogo. Ukiangalia picha ya fundi, binti yake amezamisha balbu. Hilo ndilo duara la tatu.

---

BintiTukuyu

Ndaga fijo babu! Lakini kwenye mtihani wakiuliza maji yanachemka nyuzi ngapi niandike 94?

---

Mwl_Njombe

Andika 100 ukiulizwa hivyo hivyo. Ukipewa namba ya jaribio lililofanyika mahali fulani, tumia namba hiyo. Hata mimi silipendi jibu hili, ila ndivyo ilivyo.

---

FundiBomba_Uyole

Mzee, swali langu la pampu bado. Binti anasema kule shuleni kwao maabara ina koki lakini maji hayatoki kila siku, jaribio wameliona ubaoni tu. Likizo hii nataka nimfungie mtambo nyumbani. Kondensa nitaazima kwa mtu. Maji ya kupanda nitayapata vipi?

---

MzeeWaMaabara

Pampu haihitajiki. Ndoo ya lita 20 iweke juu ya kabati, mpira mmoja uingie ndani ya ndoo, uvute maji kwa kunyonya kama mnavyovuta mafuta kwenye tangi, kisha uchomeke mdomo wa chini wa kondensa. Mpira wa pili utoke mdomo wa juu uende ndoo tupu iliyo sakafuni. Sharti ni moja: uso wa maji katika ndoo ya juu uwe juu zaidi ya mdomo wa kutokea wa kondensa, siyo tu juu ya mdomo wa kuingilia. Watu wengi hupima kwa mdomo wa chini, maji yanaanza vizuri, ndoo ikipungua yanasimama katikati ya jaribio na hakuna anayeona.

Kiasi cha maji ni kidogo kuliko mnavyodhani. Tuseme mnakusanya sentimita za ujazo 50 kwa dakika 25, yaani mbili kwa dakika. Kila gramu ya mvuke ikigeuka maji inaachia kilojuli 2.26, na ikipoa zaidi inaongeza kidogo. Weka kilojuli 5 kwa dakika kwa jumla. Mkipitisha maji sentimita za ujazo 200 kwa dakika, yatapanda joto kwa nyuzi 6 tu. Kwa mwendo huo ndoo moja inakwenda zaidi ya saa moja na nusu. Yaliyotumika yamwage tena ndoo ya juu, hayajawa ya moto kiasi cha kudhuru.

Fungulieni maji kwanza, subirini hadi yatoke mpira wa pili bila vipovu vikubwa, ndipo muwashe moto. Na kabla ya moto tieni vigae viwili vitatu vidogo ndani ya flaski ili mchemko usirukeruke. Mkisahau, zimeni, subirini ipoe, ndipo mtie. Ukitia kigae kwenye maji ya moto sana yanafoka hapo hapo.

---

DerevaTunduma

Fundi angalia tu majirani wasije wakadhani unapika gongo 😂

---

FundiBomba_Uyole

😂 Ndiyo maana naanza na maji ya chumvi, wakija nawaonjesha. Mzee, ndoo nitaiweka juu ya tangi, pale mwinuko upo wa kutosha. Je, mwendo wa maji niudhibiti kwa koki upande wa kuingilia au wa kutokea?

---

MzeeWaMaabara

Wa kuingilia. Ukibana wa kutokea, mipira inabeba uzito wote wa maji na ule wa chini ukichomoka utamwagia jiko. Funga midomo yote miwili kwa waya mwembamba, lakini usikaze sana, kioo cha midomo ndicho huvunjika kwanza.

---

MwanaMkwawa

Mzee, jambo moja bado linanisumbua. Kama wastani wa tofauti ni uleule, kwa nini vitabu vingi vinaweka kupishana mbele na kujaa wanakutaja kidogo au hawakutaji kabisa?

---

MzeeWaMaabara

Mwalimu, mpangilio huu wa maji kupanda kinyume cha mvuke ni wa zamani. Jina amebaki nalo Liebig kwa kuwa aliueneza, lakini Mjerumani Weigel alishauandika mwaka 1771. Kwa nini vitabu vimeshika sababu moja, hilo waulizeni waandishi. Wewe ukienda darasani chukua kondensa moja na ndoo, geuza mipira mbele ya watoto, waone wenyewe ule utepe wa maji.

---

Mwl_Njombe

Nitalifanya hilo wiki ya kufungua shule. Nina kondensa moja ila mdomo wake wa juu umekatika nusu, mpira unashika kwa shida. Kuna anayejua kwa Mbeya au Makambako wapi wanauza moja moja bila kulazimisha ununue seti nzima?

---

Karatusi_Mafinga

Mwalimu nifuate inbox. Vioo sina, ila kuna jamaa aliniuzia kipimajoto, alikuwa na makorokoro mengi ya maabara. Sikuuliza bei za kondensa.